Maziwa yananiharisha, mtindi haunidhuru: kwa nini?

Swali: Daktari, nina miaka 34. Nikinywa glasi ya maziwa asubuhi, baada ya saa moja hivi tumbo linajaa gesi, linanguruma, kisha naharisha. Utotoni nilikunywa bila shida, na mtindi haunisumbui hata sasa. Nimejaribu kuyachemsha sana, wapi! Tatizo ni nini?

Jibu: Kwa maelezo yako, inaelekea zaidi una upungufu wa laktesi. Maziwa yana sukari yake, laktosi, na glasi ya mililita 250 ya maziwa ya ng'ombe ina kama gramu 12. Laktosi haipenyi ukuta wa utumbo ikiwa nzima. Laktesi ni kimeng'enya kilicho juu ya ukuta wa utumbo mwembamba. Huikata ikawa glukosi na galaktosi, ndipo ziingie kwenye damu. Kuchemsha huua vijidudu, lakini laktosi hubaki palepale.

Watoto wachanga huwa na laktesi ya kutosha. Kwa watu wengi duniani hupungua taratibu miaka ya baada ya kuacha kunyonya, na huo si ugonjwa. Wanaobaki nayo ukubwani wamerithi badiliko dogo la vinasaba. Utafiti uliochapishwa 2007 ulionyesha kwamba badiliko lililoenea kwa wafugaji wa Tanzania na Kenya si lile la Wazungu: kila upande ulilipata kivyake.

Sasa tuifuate glasi yako. Laktosi isiyokatwa huvuta maji ndani ya utumbo, ndipo unaposikia ngurumo na choo kuwa chepesi. Ikifika utumbo mpana, bakteria huichachusha na kutoa asidi na gesi, hasa haidrojeni na kabonidioksidi. Gesi hiyo ndiyo inayolivimbisha tumbo. Sehemu ya haidrojeni huingia kwenye damu na kutoka kwa pumzi, na hapo ndipo kipimo kilipo: unakunywa laktosi, kisha unapuliza kwenye kifaa mara kadhaa kwa muda wa saa chache.

Kwenye mtindi, bakteria wameshaimaliza sehemu ya laktosi, na kimeng'enya chao huendelea kuikata ndani ya utumbo wako. Tena mtindi ni mzito, hushuka polepole.

Kwa hiyo usiache vyote. Pumzika maziwa wiki mbili uone kama dalili zinaisha, kisha jaribu nusu kikombe pamoja na chakula, mathalani chai ya maziwa na chapati. Wengi wenye hali yako huvumilia kiasi hicho. Kinachowaangusha ni glasi nzima tumbo likiwa tupu.

Kama haya yalianza ghafla baada ya kuhara kwa siku nyingi, huenda ukuta wa utumbo uliumia, na laktesi hurudi ukipona. Ukivimba midomo au kutokwa na vipele baada ya maziwa, huo ni mzio wa protini, si laktosi; usijaribu hata nusu kikombe. Ukiona damu kwenye choo, ukikonda au ukiwa na homa, nenda hospitali ukapimwe.