Kutambua awamu za fuwele kwa eksirei: usiishie kwenye kilele kikubwa

*"Wakuu, nimetengeneza unga wa TiO2 na kuuchoma tanuruni kwa 600 °C. Grafu ya eksirei imetoka, kilele kikubwa kiko 25.3. Kwenye ripoti inatosha kuandika kwamba ni anatasi? Halafu naelezaje jinsi mashine ilivyoitambua?"*

Haitoshi, ingawa huenda uko sahihi. Nimehudumia mashine hizi kwa miaka kadhaa na TiO2 ndiyo sampuli inayoletwa kuliko zote, kwa hiyo nakujibu kwa unga wako huohuo.

Nianze na hilo la mashine, kwa sababu ndipo ripoti nyingi zinapopinda. Mashine haitambui kitu. Inarusha eksirei, inazungusha kipokezi, na kila pembe inahesabu mionzi iliyofika. Utambuzi ni kazi yako.

Ndani ya fuwele, atomu zimepangika katika tabaka zilizoachana kwa umbali maalumu, tuuite d. Mionzi inayorudi kutoka tabaka zinazofuatana huimarishana pale tu nλ = 2d sinθ inapotimia, λ ikiwa urefu wa wimbi la eksirei, θ pembe inayopiga tabaka, na n namba nzima; pembe nyingine zote hufutana. Unga unafaa kwa sababu punje zake ni nyingi na zimelala ovyo, hivyo kwa kila aina ya tabaka hazikosekani punje zilizokaa kwenye pembe inayotakiwa. Chukua kilele chako. Grafu huonyesha 2θ, kwa hiyo 25.28 unaigawa kwa mbili upate 12.64. Kwa mionzi ya shaba yenye λ ya 1.5406 Å, d = 1.5406 / (2 × sin 12.64°), yaani 3.52 Å. Fanya hivyohivyo kwa 27.45, ambako rutili hutoa kilele chake kikubwa, utapata 3.25 Å. Weka mojawapo ya hesabu hizi kwenye ripoti. Msomaji ataona wazi kwamba pembe imekuwa umbali ndani ya fuwele.

Anatasi, rutili na brukaiti zote ni TiO2, ila ni awamu tofauti. Ukipima kiasi cha titani na oksijeni hutaziachanisha hata kidogo. Zinatofautiana kwa jinsi atomu zilivyojipanga: kila titani imezungukwa na oksijeni sita, na vifungu hivyo vya sita-sita hugusana kingo mbili kwenye rutili, tatu kwenye brukaiti, nne kwenye anatasi. Mpangilio ukibadilika, umbali wa tabaka hubadilika na vilele huhama. Mahali pa vilele hutokana na ukubwa na umbo la chembe-msingi ya fuwele. Urefu wake hutokana na atomu gani ziko wapi ndani yake. Ndiyo maana tunalinganisha vyote viwili na kadi za kumbukumbu, zinazoorodhesha vilele vya dutu zinazojulikana. Albert Hull alilisema mapema, mwaka 1919: dutu moja ya fuwele hutoa mchoro uleule siku zote, na kwenye mchanganyiko kila dutu hutoa wake bila kujali wenzake.

Sasa tatizo la 25.3. Kilele kikubwa cha anatasi kiko 25.28. Brukaiti nayo ina viwili vyenye nguvu papo hapo, 25.34 na 25.69. Punje zikiwa ndogo sana, na kwa unga uliotoka kwenye myeyusho huwa ndogo, vilele hupanuka na hivyo vitatu huwa kimoja. Ukitazama hapo tu huwezi kujua ulicho nacho. Nenda 30.8. Hapo brukaiti ina kilele kinachokaribia ukubwa wa kile kikuu chake, na anatasi wala rutili hazina kitu. Kuza sehemu ya 29 hadi 33 mpaka uone mtetemo wa mstari wa chini. Kama kuna kinundu kinachopanda juu ya mtetemo huo, unayo brukaiti. Kama hakuna, tafuta anatasi kwa vilele vyake vingine: 37.8, 48.05, 53.9, 55.1 na 62.7. Vyote vinapaswa kuwepo. Kilele kikubwa cha kwenye kadi kikikosekana bila sababu, awamu hiyo si yako, hata kama vingine vimeoana vizuri.

Kinyume chake ni kilele kilichobaki bila mwenyewe. Niliwahi kuletewa grafu ambayo mwanafunzi alikuwa ameandika pembeni "awamu mpya?" akionyesha kilele chembamba cha 44.7. Rutili ina kilele dhaifu 44.05, lakini hiki kilikuwa mbali nacho na chembamba mno kuliko vya unga wake. Tulipotazama 65.1 tukakuta mwenzake. Hiyo ni alumini ya kishikio: unga ulikuwa haba na eksirei ilipenya hadi chini. Alipoongeza unga, vyote viwili vikatoweka.

Urefu wa uso wa unga nao una visa vyake. Ukijaza unga ukazidi ukingo wa kishikio kwa 0.2 mm tu, kwenye mashine ambayo kipokezi kiko 200 mm kutoka kwenye sampuli, vilele vya mwanzo husogea kulia kwa kama 0.11°. Mtu akiona hivyo huanza kuandika kwamba fuwele zimesinyaa. Utajuaje? Kosa la urefu hupungua kadiri pembe inavyokua, wakati fuwele iliyosinyaa kweli husogeza vilele vya pembe kubwa zaidi kuliko vya pembe ndogo. Linganisha mkengeuko wa 25 na wa 63. Dawa yake ni kusaga vizuri, kujaza, kisha kusawazisha kwa kipande cha kioo mpaka uso ulingane na ukingo. Usikandamize sana, maana punje bapa zitalala upande mmoja na urefu wa vilele utadanganya.

Kwa 600 °C usishangae kuona na 27.45, kwa kuwa anatasi huanza kugeuka rutili maeneo hayo. Kupata uwiano, tumia mlinganyo wa Spurr na Myers wa 1957:

```
xA = 1 / (1 + 1.26 × IR / IA)
```

IA ni nguvu ya kilele cha 25.28, IR ya 27.45. Tuseme umepata 850 na 340: uwiano ni 0.4, mara 1.26 ni 0.504, kwa hiyo xA ni 0.665. Anatasi asilimia 66 hadi 67 kwa uzani, rutili iliyobaki. Mlinganyo huu unadhani hakuna brukaiti, ndiyo maana 30.8 inatangulia.

Tena hiyo ni asilimia ya sehemu iliyo fuwele tu. TiO2 isiyo na mpangilio haina vilele, huacha nundu pana ambayo ni rahisi kuipuuza. Ukitaka kujua kiasi chake, changanya unga na kiasi ulichopima cha korundi, kisha uhesabu upya kwa kuilinganisha nayo. Na awamu iliyo chini ya asilimia chache inaweza kuzama kabisa kwenye mtetemo.

Kwenye ripoti ningeandika hivi: "Vilele vyote vinaoana na anatasi (kadi 21-1272) na rutili (kadi 21-1276). Hakuna kilele kilichoonekana 30.8°, hivyo brukaiti, kama ipo, iko chini ya kiwango cha kugundulika. Kiasi cha sehemu isiyo fuwele hakikupimwa." Chini yake weka λ, masafa ya 2θ, ukubwa wa hatua na muda wa kila hatua, kwa sababu mtetemo wa grafu hutegemea hivyo.