Baiskeli ya umeme inayozima mlimani: tazama skrini kwanza

*Fundi, baiskeli yangu ya volti 48 hupanda Valley Road vizuri betri ikiwa imejaa. Ikifika nusu, huzima katikati ya mlima, skrini na taa zote, kisha huwaka baada ya dakika moja. Nimeambiwa ninunue kontrola mpya. Ni kweli?*

Usinunue bado, ndugu yangu. Kontrola ikizidiwa na mkondo, kwa kawaida mota hunyamaza lakini skrini hubaki inawaka, mara nyingi na namba ya hitilafu. Yako huzima yote, maana yake umeme umekatika kabla ya kufika kwenye kontrola: ndani ya betri au kwenye viunganishi.

Anza na kiunganishi, kwa kuwa hakihitaji pesa. Kikilegea, baiskeli huzima hata kwenye mashimo ya tambarare, na kukitikisa huirudisha papo hapo. Ukishapanda mlima, zima, kisha kiguse. Kikiwa cha moto, au plastiki yake imebadilika rangi, umempata mwizi. Kiunganishi kinachopoteza nusu volti mkondo ukiwa ampea 20 kinachemka kwa wati 10, na hizo zinatosha kuyeyusha plastiki.

Hata hivyo, kwa jinsi ulivyoeleza, mimi naishuku betri. Inapanda ikiwa imejaa na kushindwa ikiwa nusu, na inahitaji kupumzika kwanza ndipo irudi. Niliwahi kuletewa moja ya namna hiyo. Ndani ya betri ya volti 48 huwa kuna mafungu 13 ya seli yaliyofuatana. Kwenye ile, mafungu 12 yalisoma volti 3.85 kila moja, na moja 3.5, jumla 49.7, namba isiyomtia mtu shaka. Mlimani, yale mazima yalishuka hadi 3.65, lakini lile dhaifu likaporomoka hadi 2.8. Saketi ya ulinzi hulinda kila fungu peke yake, kwa hiyo ikakata, ingawa jumla ilikuwa bado volti 46.6. Mzigo ulipoondoka, fungu lile likapanda tena na umeme ukarudi.

Kwa hiyo, panda mlima uleule ukitazama volti kwenye skrini. Ikizima ikiwa bado 45 au 46, na viunganishi ni vizima, mwambie fundi apime mafungu yote 13 betri ikiwa nusu, si ikiwa imejaa, maana ikijaa tofauti hujificha. Tofauti ya volti 0.3 inatosha kulihukumu fungu. Akague pia vibati vinavyounganisha seli. Kimoja kikiachia, seli zilizobaki hubeba mzigo wote na fungu huonekana dhaifu.

Akitaka kuiruka saketi ya ulinzi ili usizimikiwe tena, kataa. Fungu hilo litashushwa mpaka liharibike ndani, na siku ukilichaji linaweza kushika moto ukiwa umelala.