Kichwa kinachouma ukikaa na kutulia ukilala, baada ya ganzi ya mgongo

“Mdogo wangu alijifungua kwa upasuaji juzi, akachomwa sindano ya ganzi ya mgongo. Tangu jana akikaa tu kichwa kinampasuka, akilala kinatulia. Ni presha?”

Dada, nafanya kazi ya usingizi na ganzi hapa Tanga. Maumivu yanayofuata mkao namna hiyo kwa kawaida hutokana na tundu ambalo sindano imeliacha kwenye utando unaofunika uti wa mgongo. Maji ya uti wa mgongo huvuja humo, na mgonjwa anapoinuka ubongo hukosa maji ya kuubeba, ukavuta tando zake, huku mishipa ya damu kichwani ikitanuka. Hata hivyo presha ipimwe, kwa sababu kifafa cha mimba huweza kujitokeza hata baada ya kujifungua.

Nilimhudumia mama mmoja kutoka Pangani ambaye kichwa kilimwanza siku ya pili, kisogoni na kwenye paji la uso, shingo ikakakamaa na masikio yakawa kama yamezibwa. Presha yake ilikuwa ya kawaida na hakuwa na homa. Tulimpa parasetamoli na dawa ya jamii ya ibuprofeni kwa saa maalumu, bila kungoja maumivu yapande, akanywa maji ya kumtosha, na kahawa kidogo siku ya kwanza. Anayenyonyesha asipite miligramu 300 za kafeini kwa siku, kwa hiyo ile kahawa kali ya vibarazani inywewe kwa hesabu. Kulala chali kulimpunguzia maumivu tu, hakuzibi tundu, na ndiyo maana sioni sababu ya kumlazimisha mzazi alale siku nzima.

Wengi hupona wenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Yeye, baada ya siku mbili za dawa, bado hakuweza kukaa akanyonyesha, ndipo tukazungumza naye juu ya kuziba tundu kwa damu yake mwenyewe. Mmoja wetu alifikisha sindano kwenye nafasi iliyo nje ya utando, mwingine akavuta damu mkononi mwa mama kwa usafi wa chumba cha upasuaji. Tulilenga kuingiza mililita 20 za damu hiyo kwa sindano ile, tukaishia 16 alipolalamika kubanwa kiunoni, kwani hapo ndipo pa kusimama. Alilala kwa muda wa saa mbili, akakaa bila maumivu, akaagizwa asiinue ndoo wala mzigo kwa siku kadhaa. Wapo ambao maumivu huwarudia, wakahitaji kurudiwa. Mwenye homa, maambukizi ya damu au tatizo la kuganda kwa damu hafanyiwi.

Mrudisheni hospitali leo, wampime. Kichwa kikiacha kubadilika anapolala, au akipata homa, degedege, kuona vitu viwili viwili, kusinzia kusiko kwa kawaida au udhaifu wa upande mmoja, msingoje kesho: huenda ni damu iliyovuja juu ya ubongo, au iliyoganda kwenye mishipa yake, na hapo anahitaji kupigwa picha ya kichwa.