Ukurasa wa shule umetekwa: maswali yenu na majibu

Ukurasa wetu wa Facebook umetekwa na sasa unauza fomu za kidato cha kwanza. Nimeandika barua ya kurasa mbili yenye muhuri wa shule. Naituma wapi? (Mkuu wa shule, Morogoro)

Mkuu, muhuri uache, ila kurasa mbili zipunguze. Barua zetu za ofisini huanza na "husika na kichwa cha habari hapo juu", kisha zinaeleza historia ya shule, na ombi lenyewe linakuja mwishoni. Atakayesoma huko hakujui wala haijui shule yako. Anataka kujua mambo matatu: ukurasa upi, nani mwenye haki nao, na nini kifanyike.

Kabla ya barua, ijaribu njia ya akaunti. Ukurasa wa Facebook hauna nywila yake wenyewe. Unasimamiwa kupitia akaunti binafsi za watu, kwa hiyo mwizi aliingia kwa mlango wa mmoja wenu. Huyo aende facebook.com/hacked akitumia simu au kompyuta aliyozoea kuingilia, kwa sababu kifaa kipya hutiliwa shaka. Atafute pia kwenye baruapepe yake ya zamani ujumbe kutoka security@facebookmail.com. Nywila au baruapepe ya akaunti inapobadilishwa, anwani ya zamani huarifiwa na kupewa linki ya kukana badiliko hilo.

Ikishindikana, ndipo barua iingie, ikiwa kiambatisho cha maombi unayofungua kwenye Kituo cha Msaada cha Facebook. Kama shule imewahi kulipia matangazo, pitia upande wa msaada wa wafanyabiashara, maana huko nafasi ya kumpata mtu wa kuzungumza naye ni kubwa zaidi. Yako ningeipunguza hivi:

> Mimi ni Mkuu wa Shule ya Sekondari …, yenye usajili namba S.…. Ukurasa wa shule, Page ID …, ulitekwa tarehe … baada ya akaunti ya mwalimu wetu (linki) kuingiliwa. Hatuwajui wanaousimamia sasa na hatukuwapa ruhusa.
>
> Tangu siku hiyo ukurasa unatangaza fomu za kujiunga kwa shilingi 30,000, zinazolipwa kwa namba za simu za watu binafsi. Shule haiuzi fomu kwa njia hiyo. Linki za posti hizo ziko hapa chini.
>
> Tunaomba posti hizo ziondolewe, wasimamizi wa sasa waondolewe, na usimamizi urudishwe kwa akaunti ifuatayo: ….
>
> Nathibitisha kwamba maelezo haya ni ya kweli. (Jina, cheo, sahihi, muhuri, tarehe)

Ambatanisha kitambulisho chako na cheti cha usajili wa shule, na ikiwezekana weka tafsiri ya Kiingereza chini yake. Usisahau ile Page ID. Mwizi anaweza kubadili jina la ukurasa leo jioni na barua yako ikabaki inazungumzia ukurasa usioonekana, lakini namba hiyo haibadiliki. Utaipata ukifungua maelezo ya ukurasa, sehemu iliyoandikwa Page transparency. Hapohapo mara nyingi huonyeshwa majina ya awali ya ukurasa na nchi waliko wanaousimamia. Ukiona nchi ambayo hakuna mwalimu wako aliyewahi kukanyaga, piga picha ya skrini uiambatanishe.

Kwa kila posti chukua linki yake, siyo picha tu. Gusa saa au tarehe iliyo chini ya jina la ukurasa, posti itafunguka peke yake, nawe unakili anwani.

Mimi ndiye mwalimu wa TEHAMA. Akaunti yangu naingia vizuri tu, ila ukurasa wa shule siuoni. Inawezekanaje? (Mwalimu, shule hiyohiyo)

Mwalimu, mwizi hakuihitaji akaunti yako kwa muda mrefu. Aliingia, akaongeza akaunti yake kuwa na usimamizi kamili wa ukurasa, kisha akakuondoa. Mwenye usimamizi kamili ana uwezo wa kuwaondoa wengine wote.

Unasema siku moja kabla ulipata ujumbe kwamba ukurasa utafungwa kwa kukiuka hakimiliki, ukafuata linki, ukaandika nywila na ile namba ya uthibitisho iliyokuja kwenye simu. Huo ndio mlango wenyewe, na ujumbe huo usiufute kwani ni ushahidi wa barua ya Mkuu. Badili nywila sasa hivi, kisha fungua orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti yako na uvitoe vyote usivyovitambua. Kubadili nywila bila kuvitoa vifaa hivyo kunaweza kumwacha mgeni bado yuko sebuleni.

Nimeshatuma elfu thelathini kwa namba iliyowekwa kwenye ukurasa. Shule itanirudishia? (Mama wa mwanafunzi)

Mama, shule siyo ya kwanza kuikimbilia. Piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako wa simu, uwape namba ya muamala. Kama fedha bado haijatolewa, kuna uwezekano wa kuizuia, na ndiyo maana dakika zina maana kuliko hoja. Ikishatolewa, kuirudisha ni kazi ngumu. Halafu nenda polisi ufungue taarifa upate RB, na namba ya tapeli itume kwenda 15040, namba ileile tunayotumia kuripoti wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Nakala ya RB mpe Mkuu aiambatanishe na barua yake, maana inaonyesha kuna mtu aliyeumia kweli.

Kama shule ilijua na ikakaa kimya siku kadhaa bila kuwatangazia wazazi, hapo una haki ya kuiuliza maswali magumu.

Tuwaambie wazazi wote waripoti ukurasa ili ufungwe? (Mjumbe wa bodi ya shule)

Waripoti posti, mojamoja, kama utapeli. Ukurasa mzima waache kwanza. Ukifungwa wote, shule inaweza kuingia kwenye rufaa ya pili, ya kuufungulia, kabla hata ya kuthibitisha kuwa ni wake. Lakini kama wazazi wanaendelea kutuma fedha na hakuna posti iliyoondolewa, mimi ningekubali kuupoteza ukurasa.

Wakati huohuo watumieni wazazi ujumbe mfupi wa simu, na bandikeni tangazo getini. Waonyeni pia juu ya "wataalamu" wanaojitokeza kwenye maoni wakidai wanarudisha akaunti zilizoibiwa kwa malipo. Hao ni matapeli wa awamu ya pili.

Ukurasa umerudi. Nifute kila kitu alichoweka yule mwizi? (Mkuu wa shule, Dodoma)

Bado, Mkuu. Piga picha za skrini kwanza, kwani polisi watazihitaji. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusu mambo haya, ila kesi haiendi bila ushahidi.

Kisha fungua kisanduku cha ujumbe cha ukurasa. Matapeli wengi hukamilisha dili humo, siyo kwenye posti. Utakuta wazazi walioulizia fomu, waliotuma picha za vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na pengine waliokwisha lipa na wanaona aibu kusema. Andika orodha yao, uwapigie. Nyaraka za watoto zikiwa zimefika mikononi mwa tapeli, ongea na mwanasheria wa shule kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Kagua pia orodha ya wenye usimamizi wa ukurasa, na matangazo yanayolipiwa. Kama kadi ya benki ya shule ilikuwa imeunganishwa, iondoe na uulize benki kama kuna makato. Ukimaliza hayo, futa.