Mgeni wa kaskazi: maswali yenu kuhusu pepo za msimu na miji ya kale ya mwambao

Tangu niandike kuhusu magofu ya Kilwa, barua zimemiminika. Nimechagua sita. Mbili nimezijibu kwa kirefu kwa sababu ndizo zilizonikosesha usingizi.

Shuleni tulifundishwa kwamba majahazi yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi. Kwani hayakuweza kupiga bisho, yaani kusafiri kwa kushindana na upepo, yakaondoka siku yoyote?

Kupiga bisho yaliweza, kwa siku moja mbili, kuingia bandarini au kuzunguka rasi. Kupiga bisho kutoka Mombasa mpaka Arabuni ni jambo jingine. Upepo wa kusi hauvumi peke yake: mkondo wa maji wa mwambao wetu nao huelekea kaskazini, na kusi inapokolea mkondo huongeza kasi. Nahodha anayetaka kushuka kusini mwezi Julai anapigana na upepo usoni na maji chini ya mkuku, huku maji ya kunywa yakipungua.

Chanzo chake ni bara Asia. Majira ya baridi ya kule, nchi kavu inapoa, hewa inakuwa nzito na kumiminika kuelekea baharini: hiyo ndiyo kaskazi yetu, tangu Novemba au Desemba hadi Machi. Jua likirudi kule, nchi inawaka, inavuta hewa kutoka kusini: ndiyo kusi, tangu Aprili hadi Septemba. Katikati kuna maleleji, upepo usio na mwenyewe, ambapo tanga linaning'inia kama nguo kwenye kamba.

Lakini hata kusi yenyewe haikuwa wazi muda wote. Juni na Julai bahari huchafuka kiasi kwamba bandari za magharibi ya India zilikuwa hazifikiki. Kwa hiyo kurudi kulikuwa na milango miwili tu: Aprili, kusi ikiwa bado changa, au Agosti na Septemba inapolegea, majira ambayo mabaharia wetu huyaita demani. Aliyekosa mlango wa kwanza alingoja wa pili.

Miezi ya Kiislamu huhama kila mwaka. Waliwezaje kujua tarehe ya kung'oa nanga?

Hawakutumia miezi hiyo kwa safari. Mabaharia walikuwa na hesabu ya pili, ya jua, inayoanzia Nairuzi, siku ya mwaka, na kuhesabu siku kwa makumi. Kila kumi ni mwongo. Mzee wa pwani alikuwa akiuliza tuko mwongo wa ngapi, akajua kama ni wakati wa kupanda au wa kutweka. Hesabu hiyo ina siku 365 bila siku ya ziada, ndiyo maana Nairuzi nayo husogea, polepole sana. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, unaoangukia Julai siku hizi, ni masalia yake.

Mfanyabiashara akikwama bandarini miezi mitatu, alilala wapi, na nani alimlindia mali yake?

Hapa ndipo upepo unapoacha kuwa habari ya bahari na kuwa habari ya nyumba. Methali yetu inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sasa mfikirie mgeni wa siku tisini, mwenye marobota ya nguo, asiyejua bei wala lugha vizuri, na ambaye hawezi kuondoka hata akitaka.

Aliyetuachia maelezo bora ni Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, aliyefika Mogadishu mwaka 1331. Chombo kilipotia nanga, mashua ndogo zilikitokea, zimejaa vijana, kila mmoja kabeba sinia la chakula lililofunikwa. Kijana alimwendea mfanyabiashara mmoja, akamkabidhi sinia na kusema: huyu ni mgeni wangu. Basi imekwisha. Mfanyabiashara huyo angefikia kwa mwenyeji huyo na si kwingine, isipokuwa yule aliyekwisha kuja mara nyingi na kuzoeana na watu, huyo alijichagulia. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia mzigo wake na kumnunulia anachotaka. Mtu akinunua kutoka kwa mgeni kwa bei ya kutupa, au mwenyeji akiwa hayupo, mauzo hayo yalihesabiwa batili.

Sinia lile lilikuwa mkataba. Mgeni alipata kitanda, ghala na mtu anayejua bei ya pembe za ndovu wiki hiyo. Mwenyeji alipata haki ya kusimama katikati ya kila biashara ya mgeni wake, na jina lake ndilo lililokuwa dhamana. Mji nao ulipata njia ya kuzuia mgeni asiibiwe kiasi cha kutorudi kaskazi ijayo. Mahakama ya kumfuata mdaiwa mpaka ng'ambo haikuwapo. Kilichokuwapo ni mtu ambaye utalala kwake tena mwakani.

Ibn Battuta mwenyewe hakuwa mfanyabiashara. Kijana aliyemjia aliambiwa huyu ni mwanachuoni, naye akapelekwa kwa kadhi, kwa kuwa wanachuoni walikuwa na mlango wao. Chakula alichokula huko bado kinatamanisha: wali wa samli kwenye sinia kubwa la mti, mchuzi wa kuku, nyama na samaki, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na pembeni achari ya ndimu na pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Mpishi yeyote wa Lamu angeijua hiyo meza.

Babu yangu anasema sisi ni Washirazi, watu wenye asili ya Uajemi. Shuleni nikaambiwa hiyo ni hadithi tu ya kujikweza. Nani mkweli?

Kila mmoja ana sehemu yake. Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya mwambao na maeneo ya jirani. Wengi wa watu wa mijini walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao kutoka Afrika, hasa upande wa kina mama, na sehemu kubwa ya asili yao nyingine ilitoka Asia, zaidi kwa wanaume wa Uajemi. Kuchanganyika huko kulianza karibu mwaka 1000.

Soma tena jibu la sinia, kisha jiulize kijana wa Kiajemi aliyekaa kwenye nyumba ya mwenyeji miezi mitatu kila mwaka angeishia wapi. Kuoa ndani ya nyumba hiyo kulikuwa kunamaliza suala la dhamana moja kwa moja. Na si jambo lililoanza zama hizo: mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 1 anasema manahodha wa Kiarabu waliokuja pwani hii walioana na wenyeji na kujua lugha yao. Watoto walilelewa na mama, wakazungumza lugha ya mama, ndiyo maana mimi na wewe tunaandikiana kwa Kiswahili na si kwa Kiajemi.

Kwa nini Kilwa, iliyo mbali kusini, ndiyo ikawa tajiri, badala ya miji iliyo karibu na Arabuni?

Kwa sababu ilikaa pale ambapo kaskazi inakata tamaa. Upepo huo unaaminika mpaka karibu na Rasi Delgado, kaskazini ya Msumbiji. Zaidi ya hapo unalegea na kugeukageuka. Kilwa iko juu kidogo ya mpaka huo. Dhahabu nayo ilitoka nchi ya Zimbabwe na kushukia bandari ya Sofala, zaidi ya kilomita 1,300 kusini ya Kilwa.

Tufuate safari moja ya kubuni. Jahazi linaondoka Arabuni katikati ya Desemba. Mwisho wa Januari liko Mombasa, na Februari linaweza kuwa Kilwa. Nahodha akiuza na kununua bila kuchelewa, anaondoka Aprili na kusi changa, na yuko kwao kabla bahari haijachafuka. Sasa mwache ajaribu Sofala. Kaskazi inamwishia njiani. Akifika, hana budi kungoja kusi imrudishe, na akifika Kilwa ni Juni, mlango wa kwanza umefungwa. Anakaa mpaka demani. Mtaji wake umelala karibu mwaka mzima, na mabaharia wanakula kila siku.

Mtu wa Kilwa hana shida hiyo, kwa kuwa kwake ni hapohapo. Chombo chake kinashuka Sofala na mkia wa kaskazi na kinarudi na kusi. Ikiwa dhahabu na pembe zinafika Juni, si neno, zinaingia ghalani mpaka wageni wa kaskazi ijayo. Kwa maneno mengine, Kilwa iliuza muda. Mgeni alilipa zaidi kuliko bei ya Sofala, na bado alipata nafuu kwa kuwa aliokoa miezi.

Ukienda Kilwa Kisiwani, usiishie msikitini. Tembea mpaka Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14, ambaye Ibn Battuta alimkuta. Watu hupiga picha kwenye lile birika la pembe nane juu ya jabali. Mimi hupenda kukaa upande wa kusini, kwenye ua mkubwa uliozungukwa na vyumba mfululizo vinavyofanana na ghala. Ikulu na bohari chini ya paa moja! Sarafu yenye jina la sultani huyo imeokotwa Zimbabwe Kuu, bara kabisa, mahali ambapo jahazi halifiki.

Ni kweli Ibn Majid, rubani mashuhuri wa Kiarabu, ndiye aliyempeleka Vasco da Gama India?

Wanahistoria wengi leo hawakubali. Dai hilo linatokana na mwandishi wa Makka aliyeandika miaka mingi baadaye. Wareno wenyewe wanasema rubani waliyepewa na mfalme wa Malindi alikuwa Mgujarati, na mmoja wao anamwita Malemo Cana. Hilo Malemo si jina la mtu. Ni mwalimu, cheo cha anayeongoza chombo.

Linalonivutia zaidi ni tarehe. Waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, mlango wa kwanza ukiwa wazi, wakafika Kalikuti tarehe 20 Mei. Siku 26. Kurudi, da Gama aliondoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, kusi imekwisha na kaskazi haijaanza. Maleleji yalimshika katikati ya bahari karibu miezi mitatu. Kwa kukosa matunda, ufizi wa mabaharia ukavimba mpaka ukafunika meno, na watu 30 hivi wakafa. Waliobaki na nguvu ya kushika kamba walikuwa saba au wanane kwa kila merikebu. Tarehe 7 Januari 1499 walitia nanga tena Malindi, na kitu cha kwanza walichotuma kuomba mjini kilikuwa machungwa.