Swali: uploadDate, duration na thumbnail, nini kinakwama?

"Niko na saiti ya mafunzo ya kurepea simu. VideoObject nimejaza yote, Rich Results Test inapita, lakini masomo mengine hayatokei kwa vidio za Google. Niangalie wapi?"

Anza na picha ya kava, maana hio test inaangalia vile umeandika, haiwezi kujua linki ya picha itakuwa imekufa kesho. Kuna jamaa wa Ngara nilimsaidia na kitu kama hio, vidio zake zinakaa kwa huduma ya kulipia, na linki ya kava ilikuwa inakuja na mkia mrefu wa `?expires=` na `signature`. Ukiifungua sai inafungua vizuri, ukirudi baadaye inatoa 403, sasa Googlebot ikija ikakosa picha vidio inaachwa nje, juu name, thumbnailUrl na uploadDate ni za lazima. Tulishusha zile picha tukaziweka kwa domeini yake mwenyewe, kila vidio na linki moja isiyobadilika, alafu tukahakikisha robots.txt haifungi ile folda, kwa sababu ilikuwa inazuia `/uploads/` yote.

Kujua kama yako ni hio, kopi linki ya kava leo, ifungue kesho kwa dirisha la faragha bila kulogin. Ukikuta 403 umepata.

Tarehe nayo, angalia kama templeti inaandika tarehe ya leo kila ukurasa ukifunguliwa, ama plagini inachukua siku ulirekebisha maandishi. uploadDate ni siku vidio ilitoka mara ya kwanza, basi, hata ukihariri somo mara ngapi usiiguse. Na uweke +03:00 mwishoni, ukiiacha Google inahesabu kwa saa za Googlebot, sio za Nairobi, so somo la asubuhi linaweza kusomeka siku ingine.

Duration si ya lazima lakini ijaze, usiandike 12:40, andika PT12M40S. Hio T usiiruke, P12M bila T inamaanisha miezi 12!

```json
"thumbnailUrl": "https://example.com/kava/skrini.jpg",
"uploadDate": "2025-03-14T08:30:00+03:00",
"duration": "PT12M40S"
```

Sasa kama hizi zote ziko sawa na bado, cheki ukurasa wenyewe. Tangu Desemba 2023 Google kwa upande wa vidio inaonyesha kurasa ambazo vidio ndo kitu kikuu, kwa hivyo ukipanga masomo kumi kwa ukurasa mmoja, ama vidio iko chini kabisa ya maandishi marefu, kujaza fildi hakutasaidia. Kila somo lipe ukurasa wake, vidio iwe juu, alafu upitishe hio linki kwa URL Inspection ya Search Console, iko na sehemu ya vidio inakuambia kama imeindeksiwa na kama haijaindeksiwa inataja sababu. Ikitaja kitu ingine tofauti na hizi, iweke hapa tuione.