Linki ina https na ina tra.go.tz ndani, kwa nini bado ni feki?

*"Kaka shikamoo, naomba msaada. Jana imeingia meseji eti nadaiwa kodi, chini wameweka linki. Nikaiangalia naona inaanza na https na tra.go.tz imo, nikaifungua ila sikujaza kitu chochote. Shemeji yangu kuiona tu akasema hiyo feki. Kajuaje? Na ule mstari wote mrefu vile kila kipande kina kazi gani?"*

Marahaba dada. Shemeji yako yuko sahihi kabisa, na hakuhitaji hata kuifungua, aliangalia sehemu moja tu ya huo mstari. Linki yako nimeibadilisha kidogo, pale mwisho wa jina nimeweka .example, hiyo ni tamati iliyotengwa kwa ajili ya mifano tu na hakuna mtu anayeuziwa, sitaki msomaji mwingine aje aibonyeze ile yenyewe. Umbo lake ndo hili:

```
https://tra.go.tz.malipo-leo.example/lipa/kodi?namba=1234#fomu
```

Sasa tafuta ile mikwaju miwili ya mwanzo, yaani //, iruke, halafu twende kulia mpaka ukutane na mkwaju mmoja uliosimama peke yake. Umeuona, uko kabla ya neno lipa. Kila kilichopo katikati ya hiyo mikwaju miwili na huu mmoja ni jina la kompyuta unayoenda kuongea nayo, yaani seva, na hapo ndo penye ukweli wote, maana vipande vingine vyote mwenye saiti anaandika anachotaka.

Jina lenyewe linasomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Ni kama unavyoandika anwani kwenye bahasha, unaanza na jina la mtu, mtaa, mkoa, mwisho kabisa nchi, na anayepeleka barua anaanza na ile nchi. Simu yako nayo inafanya hivyohivyo, ikitaka kuipata tra.go.tz halisi inauliza kwanza seva za mzizi, zile za juu kabisa kwenye mpangilio wa majina, nani anashughulika na tz, kisha inafuata ngazi kushuka upande wa kushoto, go.tz ambayo ni ya taasisi za serikali tu, mpaka inafika tra na kupewa anwani ya IP ya seva yenyewe. Kwa kawaida kazi hii inaisha chini ya sekunde moja ndo maana huioni.

Rudi kwenye linki yako uanze kulia. Kipande cha mwisho ni example, kabla yake malipo-leo. Basi, mwenye nyumba umeshampata, ni mtu aliyesajili malipo-leo.example, na mtu akishakuwa na jina lake anaruhusiwa kuweka neno lolote kushoto kwake bila kumuomba yeyote. Akitaka aweke tra.go.tz, akitaka aweke jina lako wewe. Kwa hiyo ile tra.go.tz uliyoiona iko kweli ila imekaa mahali pasipo na nguvu, ni kama mtu ana kibanda chake uchochoroni halafu kwenye chumba kimoja kaandika mlangoni Ofisi ya Kodi.

Hapa pana kitu kinawachanganya wengi. Kwenye sw.wikipedia.org mwenye jina unampata kwa vipande viwili vya mwisho, wikipedia na org, na ile sw ni tawi lao la Kiswahili. Lakini kwenye majina mengi ya kwetu huwezi kuishia viwili, ukihesabu viwili utapata co.tz au go.tz na hivyo si mtu wala kampuni, ni mafungu tu ya usajili, kwa hiyo unasogea hatua moja zaidi kushoto. Kenya ni hivyohivyo kwa co.ke na go.ke. Na ile www ya mwanzo haina uchawi wowote, ni tawi kama sw, kuna saiti wanaitumia na kuna saiti hawana kabisa.

Angalia pia kistari. Nukta inatenganisha ngazi, kistari hakitenganishi kitu, kwa hiyo tra-go-tz.example ni neno moja tu refu ambalo mtu yeyote angeweza kulisajili. Na ukiona alama ya @ ndani ya jina, mfano https://tra.go.tz@malipo-leo.example/, basi kila kilicho kabla ya @ brauza inakichukulia kama jina la mtumiaji wa kuingilia, safari yenyewe inaenda kwa aliye baada ya @. Sijawahi kuona taasisi ikimtumia mteja linki ya namna hiyo, ukiiona usibonyeze.

Haya, na https je, mbona wao wanayo? Hapa ndo nasikitika kwa sababu kwa miaka mingi tumewafundisha watu kwamba ukiona kufuli uko salama, na tulifundisha nusu. Hicho kipande cha mwanzo kinasema simu na seva zitaongea kwa utaratibu gani. Http tupu inapeleka maneno wazi, mwenye waifai ya mgahawa akitaka anayasoma. Https inayafunga kwa siri. Ukifungua https://sw.wikipedia.org/wiki/Kiswahili mwenye waifai anaweza kujua umeenda sw.wikipedia.org, ila kwamba umesoma ukurasa wa Kiswahili hajui, hiyo sehemu ya baada ya mkwaju imeshafungwa. Zaidi ya hapo inahakikisha kwamba seva unayoongea nayo ndo kweli inamiliki jina lililoandikwa pale juu. Lakini jina likiwa malipo-leo.example, basi inahakikisha kwamba unaongea na malipo-leo.example wa kweli, na huyo ndo tapeli mwenyewe! Cheti cha https anakipata bure ndani ya dakika chache, shirika la Let's Encrypt wanavigawa kwa kila mtu tangu 2015, wanaangalia tu kama jina ni lako, hawaangalii tabia yako. Watu wa Chrome nao mwaka 2023 waliiondoa ile picha ya kufuli kwa sababu hiyohiyo, watu walikuwa wanaisoma kama muhuri wa uaminifu.

Kwa hiyo https ikikosekana usijaze pasiwedi, ikiwepo bado unatakiwa usome jina.

Tukivuka ule mkwaju mmoja tunaingia kwenye njia, /lipa/kodi. Hii ni habari ya ndani ya seva, ukurasa gani unautaka, na nje hakuna anayeithibitisha, hata akiandika /tra/serikali/rasmi ni maneno tu. Ila kwenye saiti za kweli njia ndo inawasumbua watu kila siku kwa sababu ya herufi kubwa na ndogo. Kwenye jina la seva haijalishi, ukiandika SW.WIKIPEDIA.ORG utafika. Kwenye njia mara nyingi inajalisha sana. Kuna shule niliwatengenezea saiti, fomu ya kujiunga nikaiweka kwenye /fomu.pdf, wao wakaenda kuchapisha mabango na aliyechora bango akaona anwani yote inapendeza kwa herufi kubwa, ikatoka /FOMU.PDF. Wazazi wakaanza kupiga simu saiti haifanyi kazi. Mimi nikifungua kwangu inafunguka vizuri, nikahangaika karibu siku nzima mpaka mzazi mmoja akanitumia picha ya skrini yake na nikaona namba 404. Nikapumua, kwa sababu 404 ni jibu la seva yenyewe, inamaanisha jina liko sawa, umefika mlangoni, ila chumba ulichokitaja hakipo. Nikaweka maelekezo kwenye seva anayeandika kwa herufi kubwa apelekwe kwenye ile ndogo, ikaisha.

Lingekuwa jina ndo limekosewa wala asingeiona 404, brauza yenyewe ingesema saiti haipatikani, kwenye Chrome inatokea DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN, manake imeuliza hilo jina na hakuna anayelijua. Hiyo tofauti inakuokolea muda sana, ukiona 404 kagua kulia kwa mkwaju au futa kipande cha mwisho cha njia ujaribu tena mpaka upate ukurasa wa juu yake, ukiona NXDOMAIN kagua kushoto kwa mkwaju, nukta imeruka au herufi imebadilika.

Sehemu ya mwisho nitaimaliza kwa pamoja na lile la kwamba uliifungua. Baada ya alama ya kuuliza kunakuwa na taarifa unazobeba kwenda nazo, jina la taarifa, alama ya sawa, na thamani yake, zikiwa nyingi zinaunganishwa kwa &. Kwenye saiti ya kawaida hapo ndo yanakaa maneno uliyotafuta au namba ya ukurasa wa matokeo. Kinachofuata alama ya reli, ile #fomu, kinabaki kwenye simu yako, brauza haikitumi kwa seva inapoomba ukurasa, kwa kawaida inakitumia kukushusha mpaka sehemu hiyo ya ukurasa.

Ila ?namba=1234 inatumwa. Wakitaka kila mtu wanamtumia meseji yenye namba yake tofauti, kwa hiyo ulivyofungua tu, hata bila kujaza kitu, wanaweza kuwa wameshajua kwamba hiyo laini ipo hewani na mwenye simu anabonyeza. Pesa haitoki kwa hilo peke yake na pasiwedi hawana, ila tegemea meseji nyingine na pengine simu ya mtu anayejitambulisha kuwa ofisa, usimpe namba ya siri wala zile tarakimu zinazoingia kwa meseji. Kama ilijaribu kukushushia faili usilifungue, lifute kwenye sehemu ya vilivyopakuliwa. Na kuhusu hilo deni usitumie chochote kilichotoka kwenye ile meseji, fungua brauza uandike mwenyewe www.tra.go.tz uangalie huko. Siku nyingine ikiingia linki, ishikilie kwa kidole bila kuachia, simu nyingi zitakuletea anwani yake, na kama imekatwa kwa sababu skrini ni nyembamba, kopi ukaipesti kwenye noti uisome yote, utafute ule mkwaju wa peke yake na uanze kurudi kushoto.